Akiacha kazi Amerika, pansioni yake inaenda wapi? Namna ya kuhamisha pesa ya 401(k) na makosa yanayoila

Habari ya kubadilisha kazi inafika Uvira mbele ya pesa yenyewe. Kijana aliye Iowa au Kentuki anapiga simu usiku wa huku na kusema: "Mama, nimetoka kwenye ile izini ya nyama, nimepata kazi ingine. Kuko franga walikuwa wananikata kila mushahara, sasa watanirudishia yote." Nyumbani watu wanaanza kuhesabu: mabati, minervali ya watoto, deni la duka. Pesa inafika kweli, inagawanywa. Halafu mwaka unaofuata, mwezi wa pili au wa tatu, kijana anapiga tena kwa sauti ya chini. Serikali ya kule inamdai, na ile pesa ya kodi ambayo huwa wanamrudishia kila mwaka imepungua sana. Kwa nini?

Katika Kivu zote mbili hakuna mtaa usio na familia yenye mtu aliyepelekwa Amerika kama mkimbizi, na wengi wao walianzia kwenye viwanda vya nyama, depo za mizigo au kutunza wazee. Kazi hizo zinabadilishwa mara nyingi. Kwa hiyo tunaeleza hapa jambo moja tu: mtu akiacha kazi kule, pesa ya pansioni aliyokuwa anakatwa anaihamisha namna gani kwenye mpango mpya bila kuipoteza njiani. Ndugu aliye kule asome, na wewe uliye huku usome pia, sababu mara nyingi uamuzi unafanywa kwenye simu kati yenu wawili.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Huku kwetu mfanyakazi aliyeandikishwa CNSS (wazee bado wanasema INSS) hana mfuko wake wa kubeba. Ana nimero. Akibadilisha patroni, nimero inabaki ile ile, patroni mpya anaendelea kutangaza michango kwenye nimero hiyo, na pansioni itahesabiwa uzeeni. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kama patroni wa zamani alitangaza kweli. Kule Amerika nako kuko kitu kinachofanana na hicho: ni ile kodi ya Social Security inayokatwa kwenye kila mushahara. Hiyo haihamishwi, inamfuata mtu yenyewe.

Tunayozungumzia ni ya pembeni. Inaitwa 401(k), jina la kifungu cha sheria ya kodi ya kule, na wenyewe wanatamka "foo-o-wan-kei". Mfanyakazi anakubali akatwe, tuseme, dola 5 kwa kila 100. Patroni naye mara nyingi anaongeza kidogo juu. Pesa inawekwa kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi na inanunua vipande vya biashara, kwa hiyo inapanda na kushuka. Haikatwi kodi ya mapato siku inapoingia, itakatwa siku itakapotoka. Hapo njo kuna mtego wote. Serikali ilisamehe kodi kwa sharti kwamba pesa ikae mpaka mtu afikishe miaka 59 na nusu. Akiitoa mbele ya hapo analipa kodi iliyokuwa inasubiri, na juu yake faini ya asilimia 10.

Nini yake, nini si yake bado

Tuchukue mfano. Kijana wetu amefanya kazi kwenye izini miaka 3 na miezi 11. Akifungua akaunti kwenye simu anaona dola 9,400. Humo, dola 6,800 zilitoka kwenye mushahara wake pamoja na faida yake, na dola 2,600 ziliongezwa na patroni.

Zile 6,800 ni zake tangu siku ya kwanza. Hakuna anayeweza kumnyang'anya hata akifukuzwa. Lakini zile 2,600 za patroni zinaweza kuwa na masharti ya muda. Mipango mingi inampa mfanyakazi sehemu kwa sehemu: akimaliza miaka 2 anapata asilimia 20, miaka 3 asilimia 40, miaka 4 asilimia 60, mpaka miaka 6 anapata yote. Mingine haimpi kitu mpaka miaka 3 itimie, halafu inampa yote siku moja. Na kuko mipango inayompa yote toka mwanzo. Anayetaka kujua atafute kwenye akaunti maneno "Vested balance". Hiyo nimero ndiyo pesa yake ya kweli. Ile kubwa ya juu inayofurahisha macho siyo.

Kwa kijana wetu, asilimia 40 ya 2,600 ni dola 1,040. Jumla yake ni dola 7,840, si 9,400. Kama angengoja mwezi mmoja tu atimize miaka 4, angepata asilimia 60, maana yake dola 520 zaidi. Kosa hili halirekebishwi. Ukishaondoka umeondoka. Kwa hiyo swali la kwanza linaulizwa mbele ya kuandika barua ya kuacha kazi, si nyuma: "Mwaka wangu unatimia tarehe gani?" Jibu linatolewa na watu wa wafanyakazi pale kazini, ambao kule wanaitwa HR, au kampuni inayotunza akaunti. Mwaka huo kwa kawaida unahesabiwa kwa saa za kazi, mara nyingi saa 1,000, kwa hiyo tarehe ya kuajiriwa peke yake inaweza kudanganya.

Njia nne, na ile ambayo watu wanaikimbilia

Mtu akitoka kazini ana njia nne. Anaweza kuacha pesa pale pale kwenye mpango wa zamani. Anaweza kuihamisha kwenye 401(k) ya patroni mpya. Anaweza kuihamisha kwenye akaunti ya pansioni ya mtu binafsi, inayoitwa IRA, ambayo anajifungulia mwenyewe bila patroni. Au anaweza kuichukua mkononi.

Ya nne ndiyo inayopendwa, na tuone inagharimu nini. Kijana anaomba dola zake 7,840. Sheria inailazimisha kampuni imkate asilimia 20 hapo hapo na kuipeleka serikalini: dola 1,568. Mkononi zinafika 6,272. Yeye anafikiri kodi imekwisha. Haijakwisha. Ile asilimia 20 ni malipo ya mbele tu, hesabu yenyewe inafanywa mwaka unaofuata anapojaza karatasi ya kodi. Tuseme kipato chake kinamweka kwenye kiwango cha asilimia 12. Kodi ni dola 940.80. Faini ya asilimia 10 ni dola 784. Jumla ni dola 1,724.80, na alishakatwa 1,568, kwa hiyo bado anadaiwa dola 156.80. Majimbo mengi nayo yanachukua kodi yao juu ya hapo.

Na kuko jambo lingine ambalo halionekani kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Wafanyakazi wenye kipato kidogo na watoto wanarudishiwa pesa na serikali kila mwaka, na familia nyingi za kwetu kule zinaitegemea kwa gari au kwa nyumba. Msaada huo unapungua kipato kikipanda. Pesa ya pansioni iliyotolewa inahesabiwa kama kipato. Kwa hiyo mtu anaweza kupigwa mara tatu: kodi, faini, na msaada uliopungua. Ile simu ya sauti ya chini inatoka hapo.

Sisi hatusemi kwamba hakuna sababu ya kuchukua. Mzee akilazwa Bukavu na daktari anataka pesa ya operesheni, hakuna mtu atakayezungumzia miaka 59. Lakini hata hapo si lazima kubomoa nyumba yote kwa sababu ya tofali moja. Mtu anaweza kuomba sehemu mkononi na sehemu ihamishwe. Kama kinachohitajika ni dola 2,000, aombe 2,500 mkononi: watakata 500, atabaki na 2,000. Zile 5,340 zinazobaki zihamishwe zote bila kuguswa. Kodi na faini kwenye 2,500 ni dola 550 kwa kiwango kile kile, kwa hiyo mwaka unaofuata atalipa 50 juu ya zile 500. Linganisha na 1,724.80. Ndugu wa huku akijua hesabu hii, ataomba kiasi kinachohitajika badala ya kuuliza "iko ngapi yote?"

Kuhamisha: hatua kwa hatua

Njia nzuri ina jina moja ambalo linafaa kukaririwa hata na asiyejua kingereza: "Direct rollover". Maana yake pesa inatoka kampuni ya zamani inaenda kampuni mpya moja kwa moja, mwenye akaunti haigusi. Ikienda hivyo, haikatwi asilimia 20, hakuna faini, hakuna kodi mwaka ule.

Kazi inaanza na mpango mpya, si ule wa zamani. Watu wengi wanaanza kinyume, wanapigia wa zamani, sheki inatoka, halafu hawajui pa kuipeleka. Patroni mpya halazimishwi na sheria kupokea pesa ya mpango mwingine. Mingi inapokea, lakini kuko inayokataa, na kuko inayotaka mfanyakazi amalize kwanza miezi kadhaa kazini. Kwa hiyo anauliza mambo matatu: mnapokea pesa kutoka 401(k) nyingine? Sheki iandikwe jina gani hasa? Itumwe adresi gani? Kampuni ikisema ndiyo, aombe majibu hayo kwa maandishi, sababu mara nyingi kampuni ya zamani itataka kuyaona.

Kama mpango mpya haupokei, au kazi mpya haina 401(k) kabisa, anafungua IRA. Hapo achague kwa makini neno moja. Pesa ambayo haikukatwa kodi inaenda kwenye "Traditional IRA". Akibonyeza "Roth IRA" kwa makosa, pesa yote inahesabiwa kama kipato cha mwaka ule na analipa kodi, hata kama hakuchukua hata dola moja mkononi. Kwa 7,840 zetu hiyo ni dola 940.80 kwa sababu ya kidole kimoja, na tangu 2018 uamuzi huo haurudishwi nyuma. Kwa upande mwingine, kama kazini alikuwa anaweka pesa ya "Roth", ambayo ilikatwa kodi mapema, hiyo inaenda kwenye Roth mwenzake. Mwenye aina zote mbili atapata sheki mbili. Asishangae, na asiziweke zote kwenye akaunti moja.

Baada ya hapo ndipo anapigia kampuni inayotunza akaunti ya zamani. Angalia vizuri: si patroni. Izini ya nyama haishiki pesa hiyo, kuko kampuni ya fedha inayoishika, na nimero yake ya simu iko kwenye karatasi ya hesabu inayotumwa kila miezi mitatu. Anaweza kuomba mtu wa kutafsiri Kiswahili kwenye simu. Wasipokuwa naye, ni afadhali angoje siku atakapokuwa na mtu mzima anayeelewa, kuliko kumpa mtoto simu. Watoto wetu kule wanajua kingereza vizuri sana, lakini mtoto wa miaka 14 akiona "Cash distribution" anaelewa neno "cash" tu, anabonyeza, anasema "Papa, imekwisha." Na kweli imekwisha.

Kampuni nyingi bado zinatumia sheki ya karatasi, na mara nyingi wanaituma nyumbani kwa mfanyakazi ili yeye aipeleke. Hapa watu wanaogopa bure. Tazama jina lililoandikwa. Kama imeandikwa jina la kampuni mpya, halafu herufi "FBO", halafu jina lake, iko sawa. Herufi hizo zinamaanisha pesa ni ya kampuni ile kwa faida ya mtu huyu. Hawezi kuiingiza kwenye banki yake ya kawaida na hapaswi kujaribu. Aitume adresi aliyopewa, kwa posta inayoandikisha, na apige picha mbele na nyuma. Lakini kama sheki imeandikwa jina lake peke yake, na kiasi ni dola 6,272 badala ya 7,840, basi hawakuhamisha. Wamemlipa.

Kama sheki imekuja kwa jina lake

Si mwisho, lakini saa inatembea. Ana siku 60 tangu siku aliyoipokea ili pesa iingie kwenye mpango mwingine au IRA. Siku hizo zinahesabiwa kwa kalenda, Jumapili na sikukuu zimo.

Ugumu uko kwenye zile 1,568 zilizokatwa. Serikali inahesabu kwamba alipokea 7,840, si 6,272. Ili aokoe yote, lazima aingize 7,840, maana yake atafute 1,568 kutoka mfuko wake. Zile zilizokatwa atazidai mwaka unaofuata kwenye karatasi ya kodi. Ni kama kujikopesha mwenyewe mpaka wakati huo. Asipozipata na akaingiza 6,272 peke yake, basi zile 1,568 ndizo zinazohesabiwa kama amezitoa: kodi ya asilimia 12 ni 188.16, faini 156.80, jumla dola 344.96. Inauma, lakini ni afadhali mara tano kuliko kuacha yote. Mtu asije akasema "sina zile zingine, basi nile yote." Aingize anachoweza.

Siku 60 zikipita, IRS, biro ya kodi ya kule, inakubali sababu chache tu, kama sheki iliyopotea, ugonjwa mkali au kosa la kampuni ya fedha. "Sikujua" haimo.

Mkopo aliochukua kwenye akaunti

Hili linawakuta watu bila habari. Mipango mingi inamruhusu mfanyakazi kukopa kwenye akaunti yake mwenyewe, na analipa kidogo kidogo kwenye mushahara. Wengi wa kwetu wanakopa hivyo kwa kununua gari au kutuma pesa ya msiba. Siku anaacha kazi, mushahara wa kukatia haupo tena. Kama mpango hauruhusu aendelee kulipa, wanatoa deni kwenye akaunti na kulifunga. Tuseme alikuwa anabakiza dola 1,500. Hizo 1,500 sasa zinahesabiwa kama amezitoa, pamoja na kodi na faini, ingawa pesa yenyewe ilishatumika zamani.

Kuko mlango. Anaweza kuingiza dola 1,500 kutoka mfukoni kwenye IRA au mpango mpya mpaka tarehe ya mwisho ya kujaza kodi ya mwaka ule deni lilipofungwa. Kama lilifungwa 2025, ni mpaka tarehe 15 ya mwezi wa nne 2026, na akiomba kuongezewa muda wa kujaza, mpaka tarehe 15 ya mwezi wa kumi. Kwa hiyo mwenye mkopo asiruke hatua hii: aulize mapema, "Nikiacha kazi, mkopo wangu unafanywa nini?"

Akiba iliyoachwa nyuma

Wako wanaosema: niiache pale pale, sitaigusa. Kwa akiba kubwa ni sawa. Kwa akiba ndogo, mpango unaweza kumtoa bila kumuuliza. Ikiwa haizidi dola 1,000, wanaruhusiwa kumtumia sheki, na asilimia 20 imekatwa. Ikiwa juu ya 1,000 mpaka 7,000 (mpaka mwisho wa 2023 ilikuwa 5,000), wanaruhusiwa kuisukuma kwenye IRA ambayo wao wenyewe wameichagua. Kijana wetu mwenye 7,840 yuko salama kidogo tu. Wengi wa kwetu waliofanya kazi mwaka mmoja hapa, miezi minane pale, wako chini ya mstari huo. IRA hizo za kusukumiwa mara nyingi hazizalishi kitu kikubwa, na ada ya kila mwaka inaendelea kuitafuna pesa.

Ubaya wenyewe ni adresi. Mkimbizi anafika Texas, anahamia Iowa, nyuma ya miaka miwili yuko Meini kwa shemeji yake. Barua zinaenda nyumba ya kwanza. Barua pepe aliyoandikisha ilikuwa ya kazini, na ilizimwa siku aliyoondoka. Jambo la dakika tano mbele ya kuondoka: abadilishe barua pepe na simu kwenye akaunti ziwe zake mwenyewe, na apige picha ya karatasi ya mwisho ya hesabu.

Jina nalo linaleta shida kwetu kuliko kwa wengine. Mtu wa kwetu ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na kwenye makaratasi ya kambi yalipangwa namna ingine. Tarehe ya kuzaliwa kwa wengi imeandikwa 1 ya mwezi wa kwanza. Kazi ya kwanza ilimwandika namna moja, ya pili namna nyingine. Kampuni mbili zikiona majina hayafanani, sheki inarudishwa na dosie inalala. Mbele ya kuomba kuhamisha, alinganishe majina kwenye akaunti zote mbili na karatasi ya Social Security, na aombe lililo na makosa lirekebishwe kwanza.

Mambo mawili baada ya pesa kufika

Pesa ikifika kwenye akaunti mpya, mara nyingi inakaa kama pesa taslimu tu, haijanunua chochote, hasa kwenye IRA. Lazima mwenyewe aingie achague iwekezwe wapi. Kuko watu waliofungua akaunti nyuma ya miaka sita na kukuta kiasi kile kile walichoweka, karibu bila faida, si kwa sababu waliibiwa, ila hakuna aliyebonyeza.

Jambo la pili linawahusu ninyi mlio huku moja kwa moja: jina la mrithi. Karatasi ya mrithi haihami na pesa. Kwenye 401(k), mke au mume wa ndoa ndiye mrithi kwa sheria, isipokuwa yeye mwenyewe amekataa kwa maandishi. Kwenye IRA kwa kawaida haiko hivyo. Anayeandikwa ndiye anayepata, na kama hakuna aliyeandikwa, inafuata kanuni za kampuni ile, au dosie inaenda kwenye tribinali ya kule. Mume aliye Des Moines na mke bado anangoja viza Nyarugusu au Goma, mwandiko wa jina la mke kwenye karatasi hiyo ni muhimu kuliko ahadi ya simu. Na liandikwe kama lilivyo kwenye paspoti yake, pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka unaofuata, kampuni ya zamani itatuma karatasi inayoitwa 1099-R. Watu wanaiona, wanaogopa, wengine wanaitupa: "Mimi sikuchukua pesa, hii si yangu." Ni yako. Hata ukihamisha vizuri inakuja, na nakala yake imeshafika IRS. Tazama kisanduku cha 7. Kama kuna herufi G, walihamisha moja kwa moja. Kama kuna nimero 1, wameandika kwamba umechukua mbele ya umri. Aliyehamisha na akaona 1 apige simu mara moja aombe karatasi irekebishwe, isipokuwa sheki ilikuja kwa jina lake akairudisha ndani ya siku 60. Huyo ataona 1 na ni sawa, ataonyesha mwenyewe kwamba aliirudisha. Anayejaza kodi anaandika kiasi chote kwenye mstari wa 5a wa karatasi 1040, na kwenye mstari wa 5b, panapoandikwa kiasi cha kulipia kodi, anaweka 0. Asipoijaza kabisa, mashine za IRS zitaona 7,840 ambazo hazikutangazwa na barua itakuja.

Na kwa yule aliyefanya kazi tatu kule na hakumbuki hata moja ilitunza akiba yake wapi: wizara ya kazi ya Amerika ilifungua mwishoni mwa 2024 daftari la kutafutia, linaitwa "Retirement Savings Lost and Found". Anaingia na nimero yake ya Social Security, mwenyewe, kwenye tovuti ya wizara. Simu yao ya bure kwa aliye kule ni 1-866-444-3272. Haombwi dola yoyote kwa kutafuta. Mtu akimpigia kutoka kusikojulikana na kusema "nitakupatia pansioni yako, nipe ile nimero na mia mbili", akate simu.